Vitabu vya hadithi vimefungwa kwa kufuli, halafu tunaambiwa watoto hawapendi kusoma

Assalaam alaykum. Nimechoka kusikia kila mkutano wa wazazi, Unguja na Pemba, kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Watasoma nini? Nenda skuli yoyote ya msingi iliyopewa vitabu vya hadithi, omba kufunguliwa kabati. Utavikuta vimepangwa safi, muhuri umepigwa, na ukurasa wa kumi bado umegandana na wa kumi na moja. Kitabu kilichopita mikononi mwa watoto huwa na pembe zilizokunjika na alama za vidole. Kisha tazama daftari la kuazimisha: tarehe ya mwisho ni ya muda gani? Ukikuta kurasa tupu, basi hiyo si maktaba, ni stoo!

Sababu inajulikana. Kitabu kimeandikwa kwenye daftari la mali, na kikipotea anaulizwa aliyetia saini. Mwalimu gani atajitia kitanzi? Anafunga kabati, ufunguo mfukoni. Hapo ndipo pa kupiga kelele, si kwa watoto.

Mkaazi wa Wete: Kweli, lakini umewaacha wazazi. Dawa ni mzazi atie saini, na kitabu kikipotea alipe. Watu watakuwa na adabu.

Maalim wa Zamu ya Mchana: Ndugu yangu, kumjulisha mzazi ni sawa. Kumtoza ndiko kunakoua. Mama akishaambiwa atalipa, anamwambia mtoto, "Usije na kitabu cha watu hapa." Wanaoacha kuazima kwanza ni wale wasio na kitabu hata kimoja nyumbani.

Mwenye uzi amesema kweli, na haya hayako kwetu tu. Utafiti wa Sierra Leone uliotolewa 2014 ulikuta vitabu vya kiada vimepelekwa skuli, vingi vikabaki stoo, yaonekana kwa sababu wakuu wa skuli walihofia mgao mwengine hautakuja. Matokeo ya watoto hayakusogea. Kule Fiji, kuanzia 1980, skuli 8 za vijijini zilipewa vitabu vya hadithi vya Kiingereza kama 250 kwa kila darasa, vikakaa darasani na watoto wakawa wanavisoma kila siku. Maendeleo yao ya kusoma yalikwenda karibu mara mbili ya wenzao.

Lakini hata kufuli ikifunguliwa, kuna kikwazo cha pili. Chukua darasa la tatu lenye wanafunzi 60 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu akiandika jina la mtoto, jina la kitabu na tarehe, kila mtoto anakula dakika nzima. Kengele inalia na 20 hawajapata. Wiki ya tatu mwalimu ameacha.

Tia vitabu 70 kwenye boksi la darasa hilo. 60 vinatoka, 10 vinabaki akiba kwa vitakavyochanika. Kila kitabu kiandikwe namba kubwa kwenye jalada. Chora karatasi moja: majina yashuke pembeni, wiki zipite juu. Siku ya Alkhamis mtoto anataja namba, mwalimu anaandika "34", basi. Sekunde kumi kwa mtoto, dakika kumi kwa darasa. Kinachorudi kinakatwa mstari, na asiyerudisha anaonekana hapo hapo kwa sababu namba yake haijakatwa. Zamu mbili zikitumia chumba kimoja, kila zamu iwe na boksi lake, la sivyo kila upande utamsingizia mwenzake.

Na msiegemeze boksi ukutani wakati wa masika. Liinuliwe juu ya matofali, lipate hewa nyuma, maana ukungu huanzia upande unaogusa ukuta.

Ummu Salma: Samahani, kuna mwenye kitabu cha Hisabati darasa la sita? Cha mwanangu kimepotea.

Maalim wa Zamu ya Mchana: Dada, hicho ni cha kiada, muulize mwalimu wa somo. Hapa tunazungumzia hadithi.

Ummu Salma: Haya, hadithi. Wangu akitoka skuli anakwenda chuoni mpaka Magharibi. Asome saa ngapi?

Maalim wa Zamu ya Mchana: Kwa mtoto kama huyo, dakika 15 za mwanzo wa siku, hapo hapo darasani. Kupeleka nyumbani kuwe ziada. Na kiwe cha Kiswahili. Maboksi ya msaada yaliyojaa Kiingereza cha theluji na treni hayamsaidii mtoto wa darasa la pili ambaye bado anaunganisha silabi.

Mkaazi wa Wete: Nimekuelewa kuhusu faini. Lakini katika hivyo 70, sita vikipotea kwa mwaka, nani atasaini kuvifuta kwenye daftari la mali? Mwalimu mkuu hana ruhusa hiyo.

Mwenye uzi: Hilo ndilo ninalotaka wizara ilijibu kwa maandishi. Bila ya waraka unaosema vitabu kadhaa vikichakaa au kupotea ni matumizi ya kawaida kama chaki, ufunguo utabaki mfukoni.