Nastaafu Ijumaa ijayo: kwenye hotuba niwataje wote 14 au nisimtaje yeyote?

Mwanzisha uzi: Wakuu, naacha timu ya watu 14. Mgeni wao ana miaka 9 kazini, mkongwe ana 22. Nimepewa dakika 7. Rasimu yangu ina kurasa tatu: sita nimewaandikia aya nzima, wengine jina tu. Nikate wapi?

Kipaza: Anza na saa. Ukisoma kwa utulivu ni kama maneno 100 kwa dakika, na kicheko na makofi navyo vinakula muda, kwa hiyo lenga 550. Kila mtu mpe sentensi mbili, maneno kama 25: hayo ni 350. Yaliyobaki 200 yanatosha kufungua, kuomba radhi na kuaga. Zile aya sita ndizo zitakazokuponza kuliko urefu. Waliokaa pamoja miaka yote hiyo watasikia mara moja nani kapewa nyingi na nani kapitiwa juu juu.

Tumaini: Saa ya ukutani inafaa, ila mchange mapema.

Kipaza: Tumaini, yeye ndiye anayeagwa 😄

Bi Karani: Usitaje jina hata moja. Sema "nyote", hakuna atakayenuna.

Kipaza: Kwa watu 60 ningekubali. Kwa 14, "nyote" inasikika kama tangazo la ubaoni. Wataje kwa mwaka walioanza kazi, na useme hivyo kabla ya jina la kwanza, ili mpangilio usisomwe kama cheo. Orodha iombe utumishi, usitegemee kichwa: anayesahaulika huwa ni wa zamu ya usiku au aliye likizo. Halafu "mchapakazi" futa, linamfaa yeyote. Andika kitu ambacho wenzake wamekiona: "Huyu huhesabu stoo mara ya pili hata kama hesabu ya kwanza imelingana." Hapo hata jina ukilimeza, watamjua.

Mwanzisha uzi: Na radhi? Kuna wawili tulikwaruzana sana.

Bi Karani: Hao waone faragha kabla ya Ijumaa. Ukiwataja ukumbini, wanalazimika kutabasamu mbele ya watu.

Kipaza: Hapo Bi Karani kapatia. Ukumbini omba radhi kwa uamuzi uliowagusa wote, kwa mfano zamu ulizobadilisha bila kuwauliza. "Kama kuna niliyemkosea" haina uzito, kila anayeaga huisema.

Mwanzisha uzi: Mkongwe akitangulia nahofia sauti itakatika mapema.

Kipaza: Basi anza na mgeni, umalizie na mkongwe. Chapa herufi kubwa, na kabla ya jina lake acha mstari mtupu wa kuvuta pumzi.

Bi Karani: Mimi ningemtanguliza mkongwe. Miaka 22, halafu asubiri wadogo zake wote wapite?