Mogeji ya Kiamunyi: riba isiyobadilika au inayobadilika, kama mapato hayatabiriki?

Mama Achieng', Leicester

Hamjambo ndugu zangu wa Kisumu, Nakuru na magharibi yote. Tumepata nyumba ya vyumba vitatu Kiamunyi, Nakuru, na benki imekubali kutukopesha shilingi 5,000,000 kwa miaka 15. Wametupa njia mbili. Ya kwanza ni 14% inayobadilika, ambayo kwa sasa ni kama 66,600 kwa mwezi. Ya pili ni 15.5% isiyobadilika kwa miaka 5 ya mwanzo, na hiyo ni 71,700 kwa mwezi.

Kinachonisumbua ni mapato. Mimi ni muuguzi wa ejensi. Kuna miezi shifti zinakuja mpaka nazikataa, na kuna miezi kama Januari ambapo simu hailii. Mume wangu yuko Kisumu, anauza vipuri vya injini za mashua pale Dunga, na biashara yake inafuata samaki. Mwezi mzuri tunaweza kutoa hata 150,000 bila kuumia. Mwezi mbaya tukijumlisha vyetu vyote, baada ya kula na karo, tunabaki na 65,000 au 70,000. Yeye anataka ile ya 14% kwa kuwa ni nafuu. Mimi nataka kujua nitalipa ngapi kila mwezi. Barua ya ofa inakwisha mwisho wa mwezi huu. Mngefanyaje?

Wekesa, Boston

Dada, chukua isiyobadilika na usitazame nyuma. Mimi hapa nilifunga riba kwa miaka 30, na kiasi ninacholipa leo ndicho nilicholipa mwezi wa kwanza. Mtu ambaye hajui mwezi ujao ataingiza nini hawezi tena kutojua atatoa nini. Shilingi 5,000 za ziada ni bei ya amani.

Chebet, Birmingham

Mama Achieng', sisi tulifunga kwa miaka 2 tu, na tulitoka kwenye hiyo riba katikati ya 2023. Mliokuwa hapa mnakumbuka: riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa 0.1% hadi Desemba 2021, na Agosti 2023 ilikuwa imefika 5.25%. Mume wangu ni dereva wa teksi na wiki zake hazifanani. Tulichukua mkopo uliounganishwa na akaunti ya akiba: pesa zikikaa mle, riba inahesabiwa kwa deni ukitoa akiba, na wiki mbaya unazichukua tena. Uliza kama mkopeshaji wako hapo Leicester anayo. Na kama utafunga riba, wengi hapa wanakuruhusu kulipa zaidi hadi 10% ya deni kwa mwaka bila faini.

Mama Achieng', Leicester

Asante sana Chebet. Nyumba iko Nakuru, na benki ni ya Kenya. Hapa Leicester bado tunaishi nyumba ya kupanga. Lakini hilo la akiba nimeliandika, nitaliuliza huko.

Nyaboke, Reading

Basi kama deni ni la shilingi na wewe unalipwa pauni, mume wako yuko sawa. Chukua inayobadilika. Nilikuwa na mkopo Kisii wakati riba inapanda 2023, na kila nilipopigiwa simu kwamba malipo yameongezeka, nilikuta pauni nayo imepanda. Januari 2024 nilibadilisha kwa zaidi ya shilingi 200. Riba hupandishwa kwa sababu shilingi imeanguka, kwa hiyo sisi wa nje tunajikuta tumefidiwa.

Omollo, Kisumu

Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la mikopo ya nyumba hapa mjini kabla ya kustaafu, kwa hiyo mniruhusu niandike kirefu kidogo.

Wekesa, mkopo wako wa Boston na huu wa Nakuru si kitu kimoja. Wako umefungwa hadi mwisho. Wa Mama Achieng' umefungwa miaka 5 kati ya 15, kisha unaanza kubadilika kama wa mumewe. Na miaka hiyo 5 inapokwisha, deni bado ni kubwa, kwa sababu miaka ya mwanzo karibu pesa zote zinakwenda kwenye riba. Tazama huu wa 14%: ukilipa 66,600 kwa miaka 2, umetoa takribani shilingi milioni 1.6, na deni limeshuka kutoka 5,000,000 hadi kama 4,773,000 tu. Kwa hiyo amani anayonunua ni ya muda. Si kwamba haina thamani, ila aijue ilipoishia.

Nyaboke, ulichosema kilitokea kweli, na kwa muda mrefu kilisaidia. Benki Kuu yetu ilikuwa na riba ya 7% hadi Mei 2022, ikapanda mpaka 13% Februari 2024, na shilingi ilikuwa ikianguka wakati huohuo. Lakini hukusimulia miezi iliyofuata. Kufikia mwisho wa Machi 2024 pauni ilikuwa imerudi karibu 166, na riba ya Benki Kuu ilikaa palepale 13% mpaka Agosti. Aliyekuwa akilipa 76,000 alitafuta pauni 380 pauni ilipokuwa 200, na miezi michache baadaye akatafuta karibu 458 kwa malipo yaleyale. Kama shifti zilikosekana majira hayo, huyo mtu alibanwa pande zote. Halafu msisahau kwamba nusu ya nyumba hii inalipwa na Dunga, kwa shilingi.

Sasa kwenye swali lenyewe. Dada, achana kwanza na 14 na 15.5. Kwa mtu mwenye mapato ya kupanda na kushuka, mimi ningeuliza benki mambo mawili, na majibu yake ndiyo yangenichagulia.

La kwanza: riba ikipanda, mnaongeza malipo ya mwezi au mnarefusha muda? Benki nyingine huacha malipo yalivyo na kusogeza mwisho wa mkopo. Mteja hafurahii wala hakasiriki, kwa sababu haoni. Chukua hilo deni la 4,773,000 baada ya miaka 2, tuseme riba imefika 17%. Riba ya mwezi mmoja peke yake ni kama 67,600. Wewe unalipa 66,600. Yaani unalipa kila mwezi bila kukosa, na deni linaongezeka. Nimewaona watu wa namna hiyo mbele ya meza yangu, na stetimenti mkononi, hawaelewi. Dalili iko kwenye safu ya mwisho ya stetimenti: salio la mwezi huu likiwa kubwa kuliko la mwezi uliopita na hujakosa kulipa, nenda benki wiki hiyohiyo. Ili mkopo ule uishe kwa wakati wake ungehitaji kulipa kama 76,100. Hiyo ndiyo namba ya kujipima nayo, na wewe umesema mwezi mbaya mnabaki na 65,000 au 70,000.

La pili: naweza kulipa zaidi mwezi mzuri, kwa gharama gani, na nikilipa mnapunguza nini? Likijibiwa hilo nitaendelea.

Mama Achieng', Leicester

Kaka Omollo, nimekaa na barua usiku kucha nikiisoma. Ile isiyobadilika ina ada ya 3% ya kiasi chochote unacholipa kabla ya muda ndani ya miaka 5. Inayobadilika haina ada, ila unatoa notisi ya siku 30. Kuhusu riba ikipanda imeandikwa tu kwamba benki "itarekebisha malipo au muda kadiri itakavyoona inafaa". Kuhusu nikilipa zaidi wanapunguza nini, hakuna neno.

Omollo, Kisumu

Hapo kwenye "kadiri itakavyoona inafaa" ndipo pa kupigania. Waandikie barua pepe, si simu, uwaombe wathibitishe kwamba riba ikibadilika mtachagua ninyi, na mtaarifiwe kabla. Wakikujibu, weka jibu pamoja na mkataba. Waulize pia riba yao imefungwa kwenye nini. Mikopo mipya inayobadilika tangu Desemba 2025 inatakiwa kufuata KESONIA, yaani riba ambayo mabenki yanakopeshana usiku mmoja, au riba ya Benki Kuu, kisha benki inaongeza sehemu yake. Unataka kujua hiyo sehemu yao ni ngapi na kama inaweza kubadilika, kwa sababu hiyo ndiyo utakayokaa nayo hata riba ya Benki Kuu ikishuka, kama ilivyoshuka hadi 9% Desemba 2025.

Sasa kulipa zaidi. Tuseme miaka 2 ya kwanza mmeweka pembeni miezi mizuri mpaka mkafikisha 500,000, na mkazilipa kwa mpigo kwenye huu wa 14%. Wakiacha malipo palepale 66,600, mkopo unaisha karibu miaka 3 mapema. Mkiwaambia wapunguze malipo badala ya muda, mwezi unashuka hadi kama 59,600. Vitabu vya hesabu vitakuambia upunguze muda, na kwa mwenye mshahara ningekubali. Kwa nyumba yenu ningepunguza malipo, kwa sababu Januari yako itakuwa na 65,000, na 59,600 inalipika. Mkipata mwezi mzuri tena, hakuna anayewazuia kulipa zaidi. Kwenye ile nyingine, 500,000 hizohizo zingewagharimu ada ya 15,000, na mwezi mbaya ungeanza na malipo ya 71,700, pesa ambazo umeshasema hamna.

Kwa hiyo mimi ningeegemea inayobadilika, lakini kwa sharti: kabla ya kusaini, muwe na malipo ya miezi 6 kwenye akaunti ya pembeni, yakiwa yamehesabiwa kwa 76,100 na si kwa 66,600. Hiyo ni kama 457,000. Kama hamna, chagua nyumba ndogo zaidi au mkope kidogo zaidi.

Wekesa, Boston

Bado nasema 457,000 za kukaa bure zinauma kuliko 5,000 kwa mwezi. Lakini sikujua kwamba huko kufunga ni miaka 5 tu.

Nyaboke, Reading

Omollo, na hizi za Kampuni ya Kenya ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, KMRC? Shangazi yangu Kakamega alipata kupitia sako yake, chini ya 10%, na haibadiliki mpaka mwisho.

Omollo, Kisumu

Nyaboke, hiyo ndiyo ingemaliza ubishi wote. KMRC inazipa benki na sako pesa za muda mrefu kwa bei nafuu, nazo zinakopesha wateja kwa riba ya tarakimu moja. Kwa 9.5% huo mkopo wa 5,000,000 ungekuwa kama 52,200 kwa mwezi, miaka yote 15. Lakini kuna kikomo cha kiasi cha mkopo na cha kipato cha nyumba, na wakopeshaji wengi wanataka kuona mapato yanayoeleweka. Mama Achieng', pauni zako mwezi mzuri zinaweza kukutoa, na mwezi mbaya zikakuingiza. Wataangalia mwezi upi? Hilo kila mkopeshaji ana jibu lake. Mume wako aende sako yake Kisumu na stetimenti zenu za mwaka mzima, aulize kabla ofa haijaisha.

Mama Achieng', Leicester

Anakwenda Jumatatu. Barua pepe kwa benki nimeituma leo. Bado hatujakubaliana, yeye ameshika 14% na mimi nimeanza kuangalia nyumba za vyumba viwili.