Ukoo wa Ujiji: barua ya Idi

Shangazi Tatu 18:42
Jamani asalaam aleikum. Barua ya Idi ya kuomba kazi ile shule ya bweni. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa 9 alasiri na leo ni Jumatano. Nimeiweka hapa tangu asubuhi, tiki za bluu 14, jibu hata moja. Idi, iweke tena.

Idi 18:50
Shikamooni wakubwa. Aya ya katikati ndiyo hii:
"Mimi ni kocha mwenye nidhamu ya hali ya juu, mchapakazi, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nimelea vijana wengi wa mtaani na kuwaepusha na makundi mabaya."

Binamu Juma 18:53
Safi kabisa. Ongeza "mwadilifu". Halafu YAH iwe kwa herufi kubwa na uipigie mstari: MAOMBI YA KAZI YA UKOCHA NA UPATRONI. Bila hivyo hawasomi.

Mama Sada 18:58
Hiyo shule wameshatoa barua ya ada? Mimi ya Sada sijaipata mpaka leo na wanataka ndoo mbili na godoro.

Shangazi Tatu 18:59
Mama Sada, hapa ni kazi, si ada. Rehema uko wapi? Wewe ndiye uliyekaa kwenye usaili huko Tabora.

Rehema 19:31
Samahani Shangazi, nilikuwa nasahihisha. YAH ni kweli iwepo, Juma yuko sawa. Ila hiyo aya, Idi, tulipokuwa tunachambua barua kila mtu alikuwa na nidhamu ya hali ya juu. Tulikuwa tunairuka. Vijana wengi ni wangapi? Bado unaandika lile daftari la mahudhurio?

Idi 19:34
Lipo. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, sijaruka. Ngoja nipige picha.

Binamu Juma 19:35
Daftari lipo, pampu ya mpira ndiyo haipo 😂😂

Zena 19:35
😂😂 Pampu iliondoka na mwenyewe anajijua

Binamu Juma 19:36
Usinitazame mimi

Shangazi Tatu 19:37
Pampu baadaye!! Ijumaa saa 9!!

Rehema 19:52
Nimeziona kurasa. Januari una majina 31, Novemba 24. Wale 7 wako wapi?

Idi 19:55
Watatu familia zilihama. Wawili wamepelekwa bweni. Wawili waliacha tu, niliwafuata nyumbani mara mbili wakakataa.

Rehema 19:57
Yaandike hivyo hivyo, na hao wawili usiwafiche. Mkuu wa shule akisoma 31 wameanza na 31 wamemaliza, anajua umepika. Sasa kuna kitu sikielewi. Mwanzoni mwa mwaka, Jumamosi nyingine unao 25, nyingine 12. Zinafuatana mbili tatu za chini, halafu wanarudi. Walikuwa wanakutoroka?

Idi 19:59
Nami nilidhani utoro. Nilitaka kuwafuta.

Mjomba Saidi 20:06
Rehema umekaa Tabora mpaka umesahau ziwa. Hizo ni Jumamosi za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi haitoki, watoto wako huru. Giza likiingia watu wanavua kwa taa usiku kucha, alfajiri dagaa wanashuka Kibirizi, na kila mwenye mtoto anamtaka akaanike kabla jua halijakaza. Mazoezi yalikuwa saa 1 asubuhi. Nani angekuja?

Idi 20:09
Ndivyo alivyoniambia mama wa mmojawapo. Kuanzia Julai nikahamisha ya Jumamosi ikawa saa 10 jioni. Tazama kurasa za mwisho.

Rehema 20:15
Nimeona. Jumamosi za giza za kuanzia Julai hazishuki chini ya 20. Idi, barua yako ndiyo hii! Mbona hukuisema? Futa aya nzima, andika:

"Kuanzia Januari hadi Novemba nimefundisha vijana 31 wa miaka 12 hadi 16, mara tatu kwa wiki. Watano waliondoka kwa kuhama au kwenda bweni, wawili waliacha na sikufanikiwa kuwarudisha. Mahudhurio ya Jumamosi yalipokuwa yakishuka hadi 12, niliwauliza wazazi, nikagundua watoto wanaanika dagaa alfajiri. Nilihamishia mazoezi jioni, na tangu Julai hawajapungua 20. Daftari nitakuja nalo kwenye usaili."

Hapo anaona mtu anayehesabu, anayeuliza kabla ya kuadhibu, anayewajua wazazi. Patroni wa bweni ndiyo kazi yake hiyo kila usiku.

Binamu Juma 20:17
Na waliofaulu darasa la saba? Aseme wamefaulu kwa ajili yake. Aambatanishe na majina na picha zao.

Rehema 20:21
Hapana, Juma. Kufaulu kuna walimu wao na wazazi wao. Akijibebesha, wataanza kutilia shaka na yale ya kweli. Na majina na picha ni za watoto wa watu, hatuna ruhusa ya mzazi hata mmoja. Idadi inatosha. Wadhamini je? Usimweke Babu, jina la ukoo litakusaliti. Mweke mwenyekiti wa mtaa, na yule mwalimu wa michezo wa shule mnayotumia uwanja wake. Waombe kwanza, maana watapigiwa simu.

Zena 20:24
Mimi niulize tu. Daftari limeandika na ile siku ya kichura?

Mama Sada 20:25
Zena jamani

Zena 20:26
Kwani uongo? Barua inasema anauliza kabla ya kuadhibu. Mama Shafii anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa huyo mwenyekiti wa mtaa.

Shangazi Tatu 20:27
Yale yalikwisha. Tulichanga, tukaenda, tukasameheana.

Zena 20:28
Mlikwenda nyinyi. Idi hakwenda.

Babu 20:51
Nimesoma yote. Idi, mjukuu wangu, uliwarusha kichura juani saa 7 mchana, mtoto wa mwenzio akaanguka, akabebwa. Tuliotoka kuomba radhi ni sisi wazee, wewe ulikuwa ndani. Barua ni nzuri. Kabla hujaitia sahihi nenda kwa mama yule ukiwa peke yako. Usiende na mtu wala na zawadi.

Mjomba Saidi 20:58
🙏🏾

Rehema 21:10
Shikamoo Babu. Nami sikuijua yote hiyo. Idi, kwenye barua si lazima uiandike, lakini kwenye usaili wanauliza: mtoto akikukaidi unafanyaje? Na adhabu ya viboko shuleni si ya kocha, ni ya mkuu wa shule au aliyemruhusu yeye kwa maandishi. Ukiulizwa, sema lililotokea na ulichobadilisha. Ulibadilisha nini?

Idi 21:26
Anayechelewa anakaa nje dakika 10 akihesabu pasi za wenzake, halafu anaingia. Tangu siku ile sijamrusha mtu kichura. Shafii alirudi Septemba mwenyewe, yumo kwenye wale 24.

Shangazi Tatu 21:29
Basi hilo nalo! Rehema, liingie au lisiingie?

Rehema 21:33
Sijui, Shangazi. La dakika 10 liingie. La Shafii mama yake ndiye wa kusema.

Shangazi Tatu 22:05
Idi? Kesho nani anachapa? Ukurasa uwe mmoja. Nauli ya kupeleka kwa mkono nimepokea kwa watu wawili tu, na wanajijua.

Mama Sada 22:06
Idi ukifika shuleni niulizie ada 🙏🏾

Idi 06:12
Mwenyekiti wa mtaa amekubali. Nipo hapa nje kwa mama Shafii, wanasema katoka Kibirizi sasa hivi, yuko njiani. Namsubiri.

Shangazi Tatu 06:13
Na barua??