Naomba ushauri: mvamizi kwenye kipindi cha Zoom na jina la mwanafunzi wetu

Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha Baiolojia kidato cha nne, Masasi. Kwenye kipindi cha marudio mtandaoni, mtu aliingia kwa jina la mwanafunzi wetu wa kiume, akaandika matusi ya ngono kumlenga binti mmoja kwenye gumzo. Nilimtoa, nikafunga mlango kwa kitufe cha Lock Meeting, nikahifadhi gumzo kabla ya kumaliza kipindi, maana kikifungwa linapotea.

Sasa uongozi unataka kumwadhibu kijana. Mimi naona jina la kwenye skrini si ushahidi, kila mtu hujiandikia analotaka, na linki ilishazagaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kijana anasema jioni hiyo hakuwa na simu.

Tumeandika tukio kwenye daftari la nidhamu, saa na maneno yenyewe. Je, nakala ya gumzo atunze nani, mkuu au mwalimu wa malezi? Polisi tuwapelekee kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015? Na picha za skrini wanazorushiana wanafunzi tuzizuieje? Binti hajaja shule tangu hapo.