Kampuni kununua hisa zake yenyewe: anafaidika anayeuza au anayebaki?

Mdau wa Soko: Wakuu, Nation Media Group, kampuni ya magazeti ya Kenya, ilinunua hisa zake yenyewe mwaka 2021, ikarudia 2023. Faida kwa kila hisa inapanda hata biashara ikisimama palepale. Huu si ujanja wa vitabu tu? Kwa nini wasilipe gawio kila mtu apate chake?

Kijana wa Hisa: Sioni ujanja hapo. Kampuni ikiona hisa yake iko chini inainunua, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Zile hisa zinakuwa mali yake, zinakaa kwenye vitabu kama uwekezaji. Bei ikipanda inaziuza na faida inaingia kwenye mapato ya mwaka. Ila hapo kwa faida kwa kila hisa uko sahihi, ukipunguza wagawanaji lazima fungu la kila mmoja likue.

Mhasibu wa Makupa: Kijana, hapo kwenye mali sikubaliani nawe. Kampuni haiwezi kujimiliki. Hisa za hazina, yaani zile ilizozinunua na kuzishika bila kuzifuta, hazipigi kura, hazipokei gawio, na hutazikuta upande wa mali kwenye mizania. Zinakaa ndani ya mtaji wa wanahisa kama mstari wenye alama ya kutoa. Siku zikiuzwa tena kwa bei ya juu, ile ziada haipiti kwenye taarifa ya mapato hata senti moja, inaingia moja kwa moja kwenye mtaji. Ingekuwa vinginevyo, kampuni yenye mwaka mbaya ingejitengenezea faida kwa kufanya biashara ya karatasi zake yenyewe.

Tutumie tarakimu za 2021. Hisa zilikuwa takriban milioni 207.4. Walitoa shilingi 25 kwa hisa, juu ya bei ya soko ya siku zile, wakapata hisa kama milioni 17.1. Zidisha: shilingi milioni 427.5 zimetoka benki, na mtaji wa wanahisa umepungua kwa kiasi hichohicho. Hisa zilizobaki mikononi mwa watu ni milioni 190.3.

Kampuni ikizishika kama hisa za hazina, mtaji wa hisa ulioandikwa haubadiliki, unaongezeka tu ule mstari wa kutoa. Ikizifuta, thamani iliyoandikwa kwenye hisa, yaani 2.50 kwa kila moja, inatoka kwenye mtaji wa hisa na kuhamia kwenye akiba maalumu isiyogawiwa, kama milioni 42.75. Gharama yenyewe inabebwa na limbikizo la faida. Akiba ile ipo kumlinda mkopeshaji, ili kampuni isipunguze kinga yake kwa mlango wa nyuma. Jumla ya mtaji ni ileile kwa njia zote mbili, na ukomo wa gawio la baadaye umeshuka.

Mdau wa Soko: Sawa mzee, lakini hisa zimepungua kwa asilimia 8. Faida kwa kila hisa si inapanda kwa asilimia 9 bila jasho?

Mhasibu wa Makupa: Ingepanda hivyo kama zile milioni 427.5 zilikuwa zimelala tu bila kuzaa kitu. Chukulia zilikuwa kwenye dhamana za serikali zikizaa asilimia 10. Toa kodi ya asilimia 30, unabaki na kama milioni 30 kwa mwaka. Kampuni ikinunua hisa, hizo milioni 30 hazipo tena.

Sasa tuseme faida ya mwaka ingekuwa milioni 400, mfano wangu tu. Kabla ya kununua: 400 gawanya kwa 207.4, unapata 1.93. Baada ya kununua: 370 kwa 190.3, unapata 1.94. Ile asilimia 9 imeyeyuka karibu yote. Faida ikiwa milioni 200, unatoka 0.96 unashuka hadi 0.89. Umepunguza wagawanaji na fungu la kila mmoja limepungua vilevile.

Mpaka uko hapa: gawanya faida kwa kila hisa kwa bei uliyolipa, kisha linganisha na riba ambayo fedha ingezaa baada ya kodi. Kwa bei ya 25 na riba ya asilimia 7, kampuni lazima iwe inatengeneza shilingi 1.75 kwa hisa ndipo isijipunguzie. Kwa hiyo usiulize kama hisa zimepungua, uliza zimenunuliwa kwa bei gani.

Halafu angalieni tarehe. Zoezi lilianza mwishoni mwa Juni likafungwa Septemba. Kigawanyo cha mwaka ni wastani wa hisa kwa muda zilivyokuwepo. Hata tukisema zote zilinunuliwa siku moja mwishoni mwa Septemba, kigawanyo cha 2021 ni kama milioni 203, na ile 190.3 inaonekana nzima mwaka unaofuata. Mtu akilinganisha miaka miwili bila kujua hilo atasifia ukuaji ambao ni wa kalenda.

Mama Ushirika: Samahani jamani, mimi niko kwenye SACCOS. Mwaka jana nilitaka kujitoa, nikaambiwa hisa zangu hazirudishwi, nitafute mwanachama mwingine wa kununua. Kwa nini wao wasizinunue kama hao?

Mhasibu wa Makupa: Dada yangu, hilo ni jambo tofauti. Mtaji wa hisa wa chama cha akiba na mikopo ndio kinga ya amana za wenzako, kwa hiyo vingi huruhusu kuuza kwa mwanachama mwingine tu. Akiba zako za kawaida ndizo unazorudishiwa. Soma masharti ya chama, angalia kama hizo fedha zimeandikwa hisa au akiba.

Mkazi wa Kisumu: Mzee umeeleza vizuri, ila swali la gawio umeliruka. Zile milioni 427.5 zingekuwa gawio la kama shilingi 2 kwa kila hisa, kwa wote, na mwanahisa mkazi anakatwa asilimia 5 tu. Hapa aliyeuza kapata 25, na baadaye bei ikaja kushuka chini ya 20. Aliyebaki ndiye aliyelipa ile tofauti.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Mfuko wa Aga Khan wa Maendeleo ya Kiuchumi ulikuwa na takriban asilimia 44.7. Hisa zilezile, kigawanyo kikiwa 190.3, ni karibu asilimia 48.7. Baada ya awamu ya 2023 umiliki huo ulifika takriban asilimia 54. Ulivuka nusu bila kununua hisa sokoni. Halali kabisa, wanahisa walipiga kura. Lakini angetokea mtu akanunua hisa kufikia hapo, angelipa bei ya juu zaidi kwa kupata udhibiti wa kampuni.

Kijana wa Hisa: Hapo kwenye hisa za hazina nimekuelewa, Mhasibu. Lakini Mkazi, kila mtu alipewa nafasi ya kuuza. Mwenye hisa 500 hakuzuiwa na mtu.

Mkazi wa Kisumu: Hakuzuiwa, ila hakuwa na namna ya kujua mkubwa atauza au atakaa. Ningetaka tangazo la ununuzi lieleze hilo kabla ya kura: wenye zaidi ya asilimia 10 watashiriki au la, na umiliki wao utafika wapi zoezi likifaulu lote.

Mhasibu wa Makupa: Kwa tangazo nakubali. Kwa bei sikubali. Shilingi 25 zilikuwa chini ya thamani ya vitabu kwa hisa, kwa hiyo aliyebaki alibaki na vitabu vinene zaidi kwa kila hisa. Kama mali zile zingeuzika kwa thamani iliyoandikwa, hajapoteza.

Mkazi wa Kisumu: "Kama" hiyo ndiyo tunayobishania, mzee. Gazeti linapopoteza matangazo, mitambo ya kuchapa ina thamani gani sokoni? Mwenye hesabu ya mali zile mstari kwa mstari aiweke hapa.