Nimelipia ovahoo ya saa nikapewa oili mpya juu ya uchafu wa zamani, mafundi saa hii ni haki kweli?

Wakuu nina hasira na nitasema yote leo maana hili jambo limezidi. Nina Seiko 5 ya automatiki, ile yenye mashine ya 7S26, nimeivaa miaka mingi na haijawahi kufunguliwa. Tabia yake naijua, ilikua inawahi kama sekunde 15 kwa siku na nikiivua ijumaa jioni jumapili asubuhi naikuta bado inatembea. Mwaka huu ikageuka, ikaanza kuchelewa dakika nzima alafu mbili, na mbaya zaidi nikiivaa kutwa nzima nikaiweka mezani usiku, alfajiri naikuta imesimama. Kwaiyo sikukurupuka, nilijua ni sevisi.

Nikampelekea fundi mmoja Kariakoo, simtaji. Nikamwambia wazi nataka ovahoo kamili, ifunguliwe yote ioshwe. Akasema elfu 80, nikalipa bila kubembeleza bei. Nikaambiwa njoo jioni. Hapo hapo ningeshangaa mtu yeyote, saa iliyofunguliwa yote inatakiwa kukaa benchi siku kadhaa ikiangaliwa inavyotembea, ila nikasema labda jamaa ana kasi.

Nimeivaa, ikaanza kuwahi DAKIKA TANO kwa siku! Na alfajiri bado inasimama vilevile. Nikarudi, akaichungulia nyuma akasogeza kile kimkono cha spidi akanirudishia, eti nayo inataka kuzoea. Saa inazoea nini jamani? Kile kimkono ni cha marekebisho ya mwisho, saa ikishakua safi na ina nguvu. Ukikisogeza kwenye saa chafu unaficha ugonjwa tu, itasoma vizuri wiki hii na wiki ijayo imeharibika tena.

Nikaenda kwa fundi mwingine mwenye ile mashine ya kusikiliza mapigo. Huyu kwanza aliniambia saa ikiwahi ghafla dakika nyingi usikimbilie kuifungua, inaweza kua imeshika sumaku ya spika au ya kifuniko cha simu, akasogeza dira karibu, sindano ikatikisika kidogo, akaitoa sumaku kwa kile kidude chake, dakika moja tu. Akapima tena, bado inawahi. Ndio akasema sasa tufungue. Na mashine ilionyesha gurudumu la balansi linabembea digrii 170 tu saa ikiwa imelala na springi imejaa. Kwa hii 7S26 ukiona 220 kwenda juu hapo unalala usingizi, chini ya 200 saa inaomba sevisi.

Akanipa lenzi niangalie mwenyewe wakuu. Kwenye vijiwe ambapo ncha za magurudumu zinakaa kuna oili ya zamani nyeusi imegandia pembeni, na juu yake imemwagwa oili mpya mpaka imetapakaa kwenye daraja lote linaloshika magurudumu. Oili imefika kwenye heaspringi ya balansi, ule waya mwembamba uliojizungusha, mizunguko miwili imegandana. Hiyo ndio sababu ya dakika tano, heaspringi ikigandana inafanya kazi kama imekatwa fupi na balansi inaenda mbio. Skrubu za daraja la magurudumu hazina hata alama ya kuguswa. Yani HAIJAFUNGULIWA. Kafungua kifuniko cha nyuma, kachovya sindano kwenye oili, kadondosha, kafunga, elfu 80.

Na mimi nilichoomba kinajulikana. Ovahoo maana yake springi inaachiwa nguvu kwanza, inatoka rota, inatoka balansi, unatoka uma wenye vijiwe viwili, mishale, uso, sahani za siku na tarehe, magurudumu yote, dramu ya springi, mpaka inabaki sahani tupu. Kila kipande kinaangaliwa kwa lenzi kama ncha imelika, kinaoshwa, kinasuuzwa, kinakaushwa, ndio unaanza kurudisha na kutia oili mahali pake kidogo kidogo. Ukifanya hivyo huwezi kumpa mtu saa jioni!

Nimerudi kudai hela yangu nimeambiwa "saa yako ni ya zamani". Sasa nauliza, nani kakutana na hili, na ninavyodai hela ninadai kwa hoja gani?

KijanaWaTemeke: Pole mkuu. Ila na wewe umechelewa, automatiki inatakiwa sevisi kila miaka 3 hata kama haina shida, kama gari tu, oili inabadilishwa kwa ratiba. Ukisubiri mpaka isimame ushaharibu.

FundiMombasa: Temeke uko sawa nusu. Ni kweli oili hukauka, na ikikauka chuma husagana na chuma. Lakini hio miaka mitatu si sheria. Omega wenyewe husema miaka 5 mpaka 8, Rolex husema kama 10, na Seiko kama hii nimefungua zilizokaa miaka 15 bado zinaenda. Saa yenyewe ndio hukwambia. Mwenye uzi ameeleza vizuri, alijua tabia yake ya kila siku halafu ikabadilika, na akiba ya nguvu ikapungua. Hizo mbili zikija pamoja, hio ni sevisi. Ikija moja pekee, chunguza kwanza.

Mfano akiba. Mashine ya 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono, inategemea mkono wako utembee. Mtu akikaa ofisini kutwa mkono uko kwa meza, springi haijai, halafu analalamika imesimama usiku. Vaa siku nzima ukiwa unatembea, ivue, ilaze uso juu, andika saa ngapi umeivua na saa ngapi imesimama. Ikijaa vizuri yapaswa kupita masaa 40. Ikifa masaa 12 ama 14 hapo kuna jambo.

Na usisahau mpira wa kifuniko, huo hauna habari na oili. Mtu anayeogelea na saa, saa yake ipimwe maji mara kwa mara, maana kutu ndio huua hizi mashine kuliko oili kavu.

mama_juma: Mimi ya kwangu Casio nimebadilisha betri mara mbili bado inasimama, fundi anasema ovahoo, nayo ni elfu 80?

FundiMombasa: Mama hio ni ya betri, ni kesi nyingine. Mwambie apime kama saa inakula umeme kupita kiasi kabla ya kulipa chochote.

Mtetezi_wa_Haki: Mimi nitakua tofauti. Kosa la fundi ni kudanganya, sawa, ila elfu 80 kwa ovahoo kamili ni bei ya wapi? Chupa ndogo ya oili ya Moebius ujue inauzwaje, na sio moja, unahitaji nyepesi ya magurudumu ya mwisho, nzito ya yale ya mwanzo, ya vijiwe vya uma, na grisi ya ukuta wa dramu. Kazi ya siku nzima pale benchi. Watu mnataka kazi ya Uswisi kwa bei ya Kariakoo. Tena kwa hiyo hela ongeza kidogo ununue mashine mpya ya NH36 uipachike humo humo, inatiwa ufunguo kwa mkono na mshale wa sekunde unasimama ukivuta kitufe. Sevisi ya 7S26 haina hesabu.

Mwenye uzi: Mkuu bei alitaja YEYE. Angesema ovahoo ni laki mbili ningejibu ndio au hapana. Angesema kwa elfu 80 nasafisha juu juu tu ningeondoka. Kaniuzia jina la kazi ambayo hajafanya, na saa kairudisha mbovu kuliko alivyoipokea, heaspringi haikua na oili nilipompa. Mashine mpya sitaki, nataka hii yangu.

FundiMombasa: Mwenye uzi ana haki, na hoja ya kudai hela ni hio hio heaspringi na skrubu zisizoguswa, piga picha kabla huyo wa pili hajasafisha. Ukishasafisha ushahidi umeisha.

Heaspringi isikutishe, hio huoshwa ikatakata ikiwa haijapindwa. Kinachonisumbua ni akiba yako kufa alfajiri. Kwa automatiki ncha ya springi haijafungwa kwa ukuta wa dramu, inashika kwa msuguano na ikijaa inateleza ili isivunjike. Ile grisi ya ukutani ikiisha ama mtu akitia oili laini mahali pake, springi inateleza mapema, unaivaa kutwa na haijai kamwe. Unaweza kuosha magurudumu yote yakang'aa na bado ikafa usiku. Muulize fundi wako wa pili dramu ataifanya nini.

Mwenye uzi: Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Anasema ataifungua, aoshe springi, aweke grisi mpya.

SaaZaBabu: Hapo mimi sikubali. Dramu ya 7S26 Seiko hawakukusudia ifunguliwe, wanaiuza nzima na springi ndani. Ukiifungua kifuniko kinaweza kisikae sawa tena, kinasugua. Nunua nzima.

FundiMombasa: Nafungua kila wiki ndugu, ukitumia kifaa sahihi kinarudi. Ila nakubali kama springi imechoka, ukiitoa inajikunja ndogo badala ya kutanuka, hapo nunua nzima.

SaaZaBabu: Na mimi nimeletewa zilizofunguliwa na wanaosema hivyo hivyo.

Mtetezi_wa_Haki: Huyo fundi wa pili mashine yake aliiwekea 53 kwenye pembe ya kuinua, ile namba ya kukokotoa digrii za balansi? Nyingi zinakuja na 52, hiyo 170 yako inaweza isiwe 170.

FundiMombasa: Tofauti hapo ni digrii tatu nne, 170 haitageuka 220.

Mwenye uzi: Picha nimepiga, skrubu zinaonekana na oili kwenye heaspringi inaonekana. Kesho naenda nazo kwa wa kwanza, na nitakwenda na mtu wa serikali ya mtaa kama atabishana. Huyu wa pili kasema laki moja na nusu na saa ikae kwake wiki moja. Nikiichukua nidai nini mkononi?

FundiMombasa: Vipimo mara mbili. Kwanza springi ikiwa imejaa, saa ikiwa imelala na ikiwa imesimama kwa upande wa kitufe. Halafu ikae masaa 24 bila kuvaliwa apime tena mbele yako. Wengi huonyesha ile ya kwanza tu, na ya kwanza hata saa chafu inaweza kupendeza. Na mpira wa zamani wa kifuniko akurudishie, ujue kweli ameweka mpya.