Fremu ya Kiboriloni: miaka mitano, kodi ileile

*Kikundi: Ukoo wa Babu – Moshi*

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri. Mkataba wa fremu yangu ya cherehani unaisha mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba anataka tusaini miaka mitano, 280,000 kwa mwezi, haipandi mpaka mwisho. Sasa hivi nalipa 250,000 na kila mwaka huwa anaongeza elfu 20. Ila anataka nimtangulizie ya miaka miwili.

Godi: Dada, saini leo leo! Ukienda mwaka kwa mwaka, mwaka wa tano utakuwa unalipa 350,000.

Mjomba wa Himo: Miaka mitano mtu anajenga na kuhamia. Tafuta kiwanja mwanangu, achana na kupanga.

Mama Neema: Mjomba, hii ni ya biashara, si ya kulala. Wateja wa sare za shule wamenizoea pale pale.

Shangazi Mhasibu: Marahaba Mama Neema. Godi hesabu yake ni sahihi ila ameangalia mwisho tu. Ukibaki na utaratibu wa zamani utalipa 270,000, kisha 290,000, 310,000, 330,000 na 350,000. Miaka mitano ni milioni 18.6. Kwa 280,000 ni milioni 16.8. Unaokoa milioni 1.8.

Godi: Si ndiyo nilichosema!

Shangazi Mhasibu: Subiri. Mwaka wa kwanza unamzidishia 120,000. Wa pili unaokoa 120,000, mmelingana. Faida yote iko wa tatu hadi wa tano, na zaidi ya nusu yake ni huo wa mwisho na ule kabla yake. Sasa yeye anataka milioni 6.72 za miaka miwili, ile ambayo wewe hupati kitu. Miaka yako ya faida ndiyo ambayo yeye atatamani kukutoa, maana fremu za jirani zitakuwa zimepanda.

Anna Arusha: Hapo hapo! Sisi Njiro mzee alifariki tukiwa katikati ya mkataba. Watoto wakagawana nyumba, tukaambiwa tuhame. Hela hatujarudishiwa hadi leo.

Godi: Nyie mlikuwa na karatasi ya kuandikiana tu. Mama Neema aende kwa mwenyekiti wa mtaa, agonge muhuri, imeisha.

Shangazi Mhasibu: Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba mlikubaliana. Haumfungi mtu atakayekuja kununua nyumba ile. Mkataba mrefu hivi ulipiwe ushuru wa stempu TRA, kisha usajiliwe kwa Msajili wa Hati, na hapo ni lazima nyumba iwe na hati. Je, anayo? Na je, hajaiweka benki kwa mkopo?

Mama Neema: Hati anasema ipo. Ya benki sijamuuliza, naona aibu.

Shangazi Mhasibu: Usione aibu. Kama benki ilitangulia kuishika na yeye akashindwa kulipa, wanaweza kuiuza na mkataba wako usikusaidie. Upekuzi kwa Msajili utaonyesha. Hebu tuma rasimu yenyewe.

Mama Neema: Hiki kipengele cha 7 ndicho sijakielewa: "Kodi na tozo zote za serikali zitokanazo na pango hili ni juu ya mpangaji."

Shangazi Mhasibu: Hicho hicho! Ile asilimia 10 ya zuio sasa hivi unaifanyaje?

Mama Neema: Nampa 225,000, elfu 25 napeleka TRA kwa jina lake.

Shangazi Mhasibu: Yaani inatoka kwake. Kwa kipengele cha 7 atataka 280,000 kamili mkononi, na zuio likutoke wewe. Ili abakiwe na 280,000 baada ya asilimia 10, kodi yenyewe inakuwa kama 311,000. Zidisha kwa miezi 60: milioni 18.66. Ile milioni 1.8 imekwisha yote, na umezidi kidogo.

Godi: Duh. Hiyo sikuiona.

Mama Neema: Sasa nimkatalie?

Shangazi Mhasibu: Hapana, bei yenyewe ni nzuri. Omba kipengele cha 7 kifutwe na zuio libaki kama sasa. Utangulize mwaka mmoja. Na waandike kwamba wewe unaweza kuondoka kwa notisi ya miezi mitatu na urudishiwe ya miezi iliyobaki, maana biashara nayo inaweza kuyumba.

Godi: Atakataa, shangazi. Kuna fundi mwingine anaisubiri fremu hiyo.

Shangazi Mhasibu: Anaweza. Akikazania miaka miwili, mimi ningekubali kwa sharti kwamba usajili ufanyike kabla hela haijatoka.

Anna Arusha: Mimi hata kwa usajili ningeogopa.

Mjomba wa Himo: Kiwanja cha Njia Panda bado kipo, nimesema tu.

Mama Neema: Asante mjomba 🙏 Nakutana naye Jumamosi saa nne. Shangazi, utaweza kuja?

Shangazi Mhasibu: Nitakuja. Mwambie aje na nakala ya hati.